Namna ninavyoandika makubaliano ya malipo ya geti kabla sijanunua chuma

Mimi ni fundi wa vyuma hapa Nakuru. Kazi nyingi tunaelewana kwa mdomo: mteja anakuonyesha ukuta, unapima, mnavutana bei, mnapeana mkono. Shida ni kwamba kila mmoja anaondoka na maneno yake kichwani. Siku hizi, jioni ya siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, naandika ujumbe na kuutuma. Nikingoja siku tatu mteja huniambia, "Hivyo sivyo tulivyosema," na huenda kweli mmoja wetu amesahau.

Nitaeleza kwa kazi moja ya Njoro, ya mwalimu aliyekuwa akijenga. Tulipoagana aliniambia, "Fundi, nitakupa arobaini na tano sasa, iliyobaki tutamalizana ukimaliza, na ingine mwisho wa mwezi." Sentensi hiyo ina mitego mitatu. "Iliyobaki" haikutajwa ni ngapi. "Mwisho wa mwezi" kwa mtu wa mshahara ni siku pesa inapoingia, kwangu ni tarehe 30 au 31. Na "ukimaliza" ndilo neno baya kuliko yote. Kwangu kazi imekwisha geti likipakiwa kwenye pikapu. Kwa mteja haijaisha hadi geti linafunguka na kufungwa pale kwake, na hapo katikati kuna siku za kungoja zege la nguzo likomae, maana ukilitundika mapema nguzo zinainama na geti linakwaruza chini.

Ujumbe niliomtumia ulikuwa hivi:

"Mwalimu, habari ya jioni. Ni mimi fundi wa geti. Naandika tulivyoelewana leo Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 pale Njoro. Geti moja futi 12 kwa 7 lenye kilango cha mtu, sh. 58,000. Grili 6 za madirisha, 4,500 kila moja, sh. 27,000. Jumla 85,000. Humo mna vyuma, kuchomelea, rangi ya kuzuia kutu, rangi ya juu, usafiri na kufunga. Saruji, mchanga na fundi wa ukuta ni juu yako. Malipo: 45,000 kufikia Jumanne 11 Machi. 20,000 siku geti linafunguka na kufungwa kwa komeo bila kugusa chini. 20,000 kufikia Jumamosi 5 Aprili. Nafunga ndani ya siku 14 tangu 45,000 ziingie. Lipa M-Pesa kwa namba hii, jina litakalotokea ni langu. Palipo tofauti nirekebishie. Kama ni sawa, nijibu ukitaja jumla na tarehe ya mwisho."

Angalia mambo mawili. Kila tarehe ina jina la siku, kwa sababu mtu akikosea tarehe, siku humsuta. Na kama kuna saa, naandika "saa mbili asubuhi", kamwe si "saa 2" peke yake: kuna wateja wanaosoma 2 wakaelewa saa nane mchana, kwa kuwa simu zao zinahesabu hivyo.

Kwa nini nimwombe ataje jumla na tarehe? Kwa sababu "sawa" ya kwetu ni ya adabu. Inaweza kumaanisha nimekubali, au nimeona, au niko jikoni nitasoma baadaye. Kidole gumba ndiyo mbaya zaidi. Na akinyamaza, sihesabu amekubali. Simwendei muuza vyuma hata kwa tubu moja.

Mwalimu alijibu asubuhi: "Fundi, jumla 85,000 ni sawa. Lakini ya mwisho nilisema mshahara ukiingia, si tarehe 5. Wakati mwingine unachelewa." Hapo ndipo ujumbe ulipolipa kazi yake, maana tofauti hiyo ingetuchoma mwezi Aprili. Nikampigia, tukakubaliana: mshahara ukiingia, lakini isipite Alhamisi tarehe 10 Aprili. Kumbuka, mazungumzo ya simu nayo ni ya mdomo. Kwa hiyo niliandika tena ujumbe wote, mwanzo hadi mwisho, na juu yake nikaweka: "Huu ndio wa mwisho, ule wa jana uachwe." Wengi huandika badiliko tu, "basi iwe tarehe 10." Baadaye ukisoma nyuma hujui tarehe 10 ya nini, wala kama kipengele kingine kilibaki. Alinijibu, "Nimekubali, 85,000, mwisho 10 Aprili."

Alisema pia kaka yake angelipa mshahara ukichelewa. Hilo sikuliweka kama malipo. Sheria ya mikataba ya Kenya inataka ahadi ya kulipa deni la mtu mwingine iwe kwa maandishi na yenye sahihi ya anayeahidi, kwa hiyo neno la mwalimu halimfungi kaka yake. Ningetaka kumtegemea, ningempelekea karatasi aisaini mwenyewe.

Pesa zikiingia, sijibu "asante" tu. Naandika: "Nimepokea 45,000 leo, baki 40,000," na msimbo wa M-Pesa ulio kwenye ujumbe. Kama una deni la Fuliza, hukatwa zinapoingia, lakini kwa mteja ni 45,000 amelipa, usimpunguzie hesabu.

Katikati ya kazi akaongeza grili ya saba. Kwa mdomo hizo ndizo pesa zinazopotea, kwa vile kila mtu anadhani zimo ndani ya bei ya zamani. Niliandika: "Ongezeko: grili 1, sh. 4,500. Jumla mpya 89,500. Inaongezwa kwenye malipo ya mwisho, ambayo sasa ni 24,500. Mengine hayajabadilika." Ndipo nikakata chuma.

Kuhusu kuhifadhi: kwenye WhatsApp, ujumbe unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe, na ukiwa umewekwa wa kutoweka utafutika baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, kutegemea ulivyochaguliwa. Angalia hilo kabla ya kutuma. Mimi napiga picha ya skrini siku hiyo hiyo, yenye namba yake na tarehe. Na siku ya dipoziti, tukionana, naandika mistari ile ile kwenye kitabu cha risiti chenye karatasi ya kaboni, tunasaini wote wawili, anabaki na nakala. Simu huibiwa. Pia ikifika kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai hadi shilingi milioni moja, ujumbe wa simu uliochapishwa huenda ukatakiwa uende na cheti kinachoeleza ulivyotolewa kwenye simu. Karatasi yenye sahihi haina mzunguko huo.

Mwalimu alilipa 24,500 tarehe 9 Aprili. Nikamwandikia: "Nimepokea 24,500. Umelipa 89,500 yote, huna deni kwangu kwa geti na grili 7." Wiki mbili baadaye alipiga kuhusu komeo lililokuwa gumu, tukaongea komeo tu.