Mchemraba wa mninga, tundu la kona kwa kona: hatimaye limekubali

Leo asubuhi waya umepita. Umeingia kona ya juu, ukatokea kona ya chini, na mchemraba sasa unaning'inia barazani kwangu hapa Bagamoyo bila kulalia upande wowote. Umenigharimu wiki tatu na michemraba miwili mizuri ya mninga, kila ukingo sentimita 10, na chanzo chote ni pembe moja.

Mchemraba wa kwanza niliutoboa kwa 45°. Mraba ukikatwa kona kwa kona hutoa 45°, nikadhani mchemraba nao ni vivyo hivyo. Tundu likatokea kwenye uso wa upande wa pili, sentimita 4.1 kabla ya kufika kona. Nikailaumu biti, nikasema imepinda. Nikanunua nyingine.

Usiku ndipo nikachora. Mstari wa kona hadi kona haupandi ukiwa juu ya ukingo, unapanda ukiwa juu ya ulalo wa uso. Ulalo huo ni 10√2, yaani sentimita 14.14, na kimo ni 10 tu. Basi:

tan θ = 10 / 14.14 = 0.707
θ = 35.26°

Ukienda kwa 45°, unamaliza kimo cha 10 ukiwa umetembea 10 tu juu ya ule ulalo, na 4.14 imebaki. Ndicho nilichokuwa nimekipima kwa rula! Biti ya kwanza ilikuwa nzima kabisa. Na ukubwa wa mchemraba haubadilishi kitu, pembe ni hiyo hiyo.

Nikachonga kabari ya 35.26°, nikailaza kwenye meza ya mashine ya kutobolea, nikaweka mchemraba wa pili juu yake. Tundu likatokea katikati kabisa ya uso wa chini. Si karibu na katikati: nilichora vilalo viwili vya uso ule na vikakatana ndani ya tundu. Hilo lilinikosesha usingizi kuliko lile la kwanza, maana kosa la mkono haliwi safi namna hiyo.

Jibu ni kwamba 35.26° ni pembe kati ya mstari na uso. Drili yangu inashuka wima, kwa hiyo uso unatakiwa uwe 35.26° kutoka kwenye drili, na kutoka mezani iwe 54.74°. Mimi nilipima kutoka mezani, hivyo drili ikauingia uso kwa 54.74°. Tan ya pembe hiyo ni √2, na 10 ukigawa kwa 1.414 unapata 7.07, nusu kamili ya 14.14. Tangu hapo nasema, kabla hujagusa mashine, tazama tundu limetokea wapi. Likiwa katikati ya uso, umepima kutoka upande usio wake.

Nilikuwa nakata kabari mpya pale mzee mmoja jirani, fundi wa milango ya nakshi, alipopita. Nikamwamkia, nikamwonyesha. Akaugeuzageuza mchemraba, akasema, "Mwanangu, kona hii ina kingo tatu zilizo sawa. Unahangaikia digrii za nini? Itafutie kiti."

Kabari nikaiacha palepale. Nilitoboa plaiwudi tundu la duara, nikakalisha kona ndani, ikacheza. Ilikaa sawasawa, na ilikaa vilevile ikiwa imeinama, kwa sababu duara linazikubali kingo tatu hata zikizama kwa urefu tofauti. Nikakata tundu la pembetatu lenye pande tatu sawa, kila upande sentimita 7, kila ukingo ukae kwenye kona yake. Hapo haina pa kukimbilia: kila ukingo unazama 4.95, na mstari wa kona hadi kona unasimama wima wenyewe. Nilihakikisha kwa guni na rula, kona tatu za juu zote zina kimo kimoja kutoka mezani.

Kipimapembe cha kwenye simu sikitumii tena kwa kazi hii. Nusu digrii, kwa urefu wa sentimita 17.32 wa mstari huu, inakutoa nje kwa milimita moja na nusu.

Kutoboa kwenyewe: nilipunguza ncha ya kona kidogo kwa patasi ili biti isiteleze, nikatoboa hadi nusu, nikaugeuza juu chini, nikamalizia. Kona iliyokwisha kutobolewa inakaa kitini vilevile, kwa sababu kinachobeba ni kingo. Matundu mawili yamekutana ndani.

Nilipanga kuuchonga nakshi pande zote sita. Sasa nataka mitatu, mmoja chini ya mwingine, kona kwa kona, kwenye waya mmoja. Mbao nimeshapima.