Saba zilizogeuka nne na nusu

Masika yameanza Tanga, na Mjomba kanitumia tena ile picha. Haandiki neno, picha tu: dari ya sebule yake na ule mstari mweupe wa chokaa unaokatiza kutoka ukuta hadi ukuta, kingo zake zimeingia rangi ya chai. Kila mwaka anapaka rangi, kila mwaka unarudi. Shangazi anauita "mstari wa mhandisi". Mhandisi ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni, nimekuja likizo, na Mjomba akaniamini nihesabu vifaa vya slebu. Sikumwomba, alisema tu, "Si ndicho unachosomea?" Mita 6 kwa 5, unene sentimita 15. Nikapata mita za ujazo 4.5. Mchanganyiko 1:2:4, yaani sehemu saba. Nikagawa 4.5 kwa 7, nikapata 0.643 za saruji. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa kama 0.035, kwa hiyo mifuko 19. Mchanga mara mbili ya saruji, kokoto mara nne. Nikaandika kwa kalamu nyekundu na kupiga mstari chini.

Fundi alikitazama kile kikaratasi, akanitazama mimi, akakirudisha kwa Mjomba. Sijui kwa nini hakusema kitu. Labda kwa sababu Mjomba alikuwa ameshanisifia mbele ya watu.

Tulimwaga Jumapili. Saa kumi jioni mfuko wa kumi na tisa ukaisha, na zege lilikuwa limefika mita 4 tu kati ya zile 6. Ng'ambo ya pili nondo zilikuwa wazi zinang'aa. Vijana wakaegemea masepetu. Maduka yamefungwa, na kokoto nazo zimeisha, kwa hiyo hata saruji ingepatikana isingetusaidia.

Nilikuwa natafuta pa kujificha fundi aliponiita. Akajaza ndoo ya lita 20 kwa kokoto alizokwangua chini, akazisawazisha kwa kiganja hadi ukingoni. "Bwana mdogo, hii imejaa?" Nikasema imejaa. Akanipa kopo la lita moja: "Haya, mimina maji." Nikamimina la kwanza, la pili, la tatu. Maji yalikuwa yakipotea kimyakimya, kama yanaingia ardhini. Kopo la nane likaingia. La tisa ndilo lililomwagikia viatuni mwangu.

"Lita nane za ndoo yako zilikuwa hewa," akasema. "Mchanga unakwenda kukaa humo. Mchanga nao una matundu yake, na humo ndimo saruji na maji wanamokaa. Karai nne za kokoto, mbili za mchanga, moja ya saruji: unahesabu saba. Ukichanganya na kushindilia, unapata nne na nusu."

Kisha akaushika mchanga uliobaki, akaufinya, ukabaki na umbo la ngumi yake. Ule unyevu kidogo, alisema, unatenganisha punje, mchanga unavimba. Ukiupima hivyo kwa karai, unapima na uvimbe wake.

Baadaye chuoni nikakuta jambo hilohilo kwenye daftari: zidisha ujazo wa zege bichi kwa 1.54 ndipo ugawe kwa 7. Kwa slebu ya Mjomba, 4.5 × 1.54 ni 6.93, saruji 0.99, mifuko 29. Nilikuwa nimepungukiwa kumi. Fundi hakuwahi kutaja 1.54. Yeye alisema "ongeza nusu yake", na ukifanya hivyo unapata mifuko 28. Mimi mpaka leo naandika 1.54, ingawa najua hiyo 0.04 haina uhakika wa kiasi hicho: kokoto zenye ukubwa mchanganyiko hupangana vizuri na kuacha matundu machache, za ukubwa mmoja huacha mengi, na ndani ya hiyo 1.54 wamejumlisha pia zege linalomwagika kwenye toroli.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Fundi akasimamisha ubao kukata zege wima, nondo zikabaki zimetokeza. Vifaa vilifika Jumanne. Wakaukwaruza ule uso uliokwisha kukauka, wakaulowesha, wakaupaka uji wa saruji, wakamalizia. Slebu haijawahi kutikisika. Ila maji ya mvua yanajua pale zege la Jumapili na la Jumanne yalipokutana.

Kinachonisumbua si hesabu. Yule fundi alijua tangu asubuhi, alipokiona kile kikaratasi. Nimemwuliza Mjomba mara moja kama aliwahi kumdokeza. Akacheka, akaniuliza ndoo ya rangi siku hizi ni shilingi ngapi.