Ninavyokagua rasimu ya muhtasari wa kikao kabla sijaituma kwa wajumbe

Nimekuwa katibu wa kamati yetu mwaka wa tano sasa na kikao kilichopita muhtasari wangu umethibitishwa bila marekebisho hata moja, mwenyekiti kauliza "kuna marekebisho ukurasa wa kwanza? wa pili? wa tatu?" kimya, mjumbe akapendekeza uthibitishwe, mwingine akaunga mkono, tumeingia kwenye yatokanayo. Nimefurahi sana, sifichi. Lakini kufika hapo nimepita njia ndefu, na sehemu kubwa ya ugumu ilitokana na ushauri mbovu niliopewa siku ya kwanza nakabidhiwa daftari: "Wewe isome mara moja tu utume ikiwa bado ya moto, makosa watayarekebisha wajumbe wenyewe kikao kijacho." Ushauri huu bado unanikera mpaka leo, maana rasimu ikishafika kwenye simu za watu 24 hiyo siyo rasimu tena, watu wameshaifanya ndo rekodi, na ukituma ya pili kuna watakaobaki na ile ya kwanza miaka yote.

Ngoja nieleze kilichonitokea. Kikao kilikuwa cha kupandisha ada ya uanachama, jambo lenye pande mbili na kila upande umekaza. Kamati ina wajumbe 24, akidi ni nusu yao yaani 12. Nikarudi na karatasi ya mahudhurio, sahihi 17, nikaandika "waliohudhuria: 17". Chini kwenye azimio nikaandika kura: 11 waliunga mkono, 5 walipinga, 2 hawakuwa na upande. Nikasoma juu mpaka chini mara moja, sentensi zimenyooka, nikatuma. Haikupita saa moja mjumbe mmoja wa upande ulioshindwa akaandika mbele ya wote: "Katibu, tulikuwa 17. Hiyo kura ya 18 kapiga nani?"

11 na 5 na 2 ni 18. Nilisoma namba zote nne na sikuona, kwa sababu moja ilikuwa ukurasa wa kwanza na nyingine tatu ukurasa wa nne, na mtu akisoma mfululizo anafuata maneno, namba zinapita tu. Wakaanza kusema azimio ni batili. Siku mbili nzima niko kwenye simu namtafuta mmoja mmoja, na nilichokuta ni kwamba kura zilikuwa sahihi kabisa, kilichokosewa ni mahudhurio, tena mara mbili kwa pande tofauti. Kwanza, kati ya zile sahihi 17 moja ilikuwa ya mhasibu, ambaye alikuja kama mualikwa kutoa maelezo na hana kura, kwa hiyo wajumbe walikuwa 16. Pili, wajumbe wawili walichelewa wakakuta karatasi nimeshaikusanya, wakakaa nyuma, wakapiga kura. Mmoja nilipompigia akanijibu bila hata kushtuka, "Mimi niliingia mnajadili ajenda ya tatu mwanangu, karatasi sikuiona na wewe hukuniuliza." Kweli sikumuuliza. 16 na 2 ni 18, hesabu ikakaa.

Tangu siku hiyo mahudhurio kwangu ni vichwa vinne vinavyojitegemea: wajumbe waliohudhuria, waliotoa udhuru, ambao hawakuhudhuria bila taarifa, na waalikwa. Wa kwanza mpaka wa tatu ukijumlisha lazima upate 24, ikipungua au kuzidi hata mmoja situmi. Aliyechelewa anaandikwa "alijiunga na kikao wakati wa ajenda ya 3", aliyeondoka mapema vivyo hivyo, maana akidi inaweza kuwepo wakati wa kufungua na isiwepo wakati wa kupiga kura, na hiyo huioni kama hujaandika nani katoka saa ngapi.

Sasa namna ninavyofanya. Sisomi mara moja, napita mara kadhaa na kila mara natafuta kitu kimoja tu. Ya kwanza ni ukamilifu na hapo sianzi na rasimu, naanza na ajenda iliyotumwa kwenye mwaliko, maana rasimu haiwezi kukuonyesha kitu ambacho hakimo ndani yake. Nashika ajenda mkono mmoja na kwa kila kipengele naangalia kimeishia wapi: kimeazimiwa, kimeahirishwa au kimepokelewa kama taarifa. Kama mjadala una aya tatu halafu umekatika hewani bila mwisho, nimesahau kitu, narudi kwenye daftari, na daftari likiwa kimya nampigia mwenyekiti. Sibuni. Na kila azimio naliuliza nani, nini, mpaka lini. "Kamati ifuatilie suala la uzio" siyo azimio, hakuna mtu atakayefuatilia na kikao kijacho wote mtatazamana. Yatokanayo nayo naikagua kwa kuweka muhtasari uliopita pembeni, kila azimio la kule liwe limejibiwa huku hata kama jibu ni kwamba bado halijatekelezwa.

Namba napita nazo peke yake, na nasoma kutoka mwisho kuja mwanzo, aya ya mwisho kwanza, ili maneno yasinibebe. Kila namba naiwekea alama ya penseli nikishaiona kwenye chanzo chake, yaani karatasi ya mahudhurio, taarifa ya mweka hazina, au kikaratasi cha aliyehesabu kura. Chanzo siyo kumbukumbu yangu. Kuna mbinu moja nilifundishwa na yule yule mhasibu na naipenda mno. Bajeti ilikuwa na vipengele vitatu, 1,250,000 na 840,000 na 375,000, na jumla kwenye rasimu nimeandika 2,456,000. Nikijumlisha mwenyewe napata 2,465,000. Akaniambia toa moja kwa nyingine, tofauti ni 9,000, sasa gawanya kwa 9, ikigawanyika bila kubaki kitu basi mara nyingi umegeuza tarakimu mbili zilizofuatana. Nikaangalia, kweli, 65 nimeandika 56! Tofauti ya kugeuza tarakimu siku zote inagawanyika kwa 9, ila usiichukue kama ushahidi wa mwisho maana na makosa mengine yanaweza kugawanyika kwa bahati, inakuonyesha tu pa kuanzia kutafuta. Na kama namba imekosewa na aliyeiwasilisha, siyo mimi, sirekebishi kimya kimya, namuuliza mwenye taarifa kwanza halafu namwambia mwenyekiti, kwa sababu wajumbe waliazimia wakiwa wamesikia namba ile ya mwanzo.

Tarehe zina mitego yake na sisi tunaoandika Kiswahili tuna mmoja wa kwetu kabisa, saa. Simu inaandika 9:15, wewe unaandika saa 3:15 asubuhi, sawa, lakini mwisho wa kikao umechoka unanakili ya simu ilivyo, nikaandika "kilifungwa saa 12:40". Msomaji wa Kiswahili anaelewa nini hapo? Jioni, yaani kikao kimechukua masaa tisa na ushee, wakati kilifungwa saa 6:40 mchana. Kwa hiyo saa zote natafuta moja moja na kuhakikisha zina asubuhi, mchana au jioni pembeni na zote ni za Kiswahili. Siku na tarehe naziangalia pamoja kwenye kalenda, ukiandika "Alhamisi tarehe 17" na 17 ni Ijumaa nusu ya watu watakuja siku moja na nusu nyingine, na "wiki ijayo" au "mwisho wa mwezi" naondoa zote naweka tarehe kamili, maana anayesoma hajui ulikuwa unahesabu kuanzia lini.

Majina nakagua kwa karatasi ya mahudhurio ambayo sasa nimeongeza safu ya jina kwa herufi kubwa jinsi mwenyewe anavyotaka liandikwe, kwa sababu sahihi haisomeki. Mtu mmoja awe na jina moja tu mwanzo mpaka mwisho, siyo huku jina kamili, kule herufi za mwanzo, kwenye maazimio "Mwalimu". Na hapa kuna kosa nililofanya ambalo nataka ulijue. Jina la mjumbe mmoja niliandika Juma kumbe yeye anaandika Jumaa, nikafungua Ctrl+H, tafuta Juma weka Jumaa, badilisha zote, nikaona nimemaliza kazi kwa sekunde mbili. Nikaja kukuta kikao kijacho ni "Jumaanne", taarifa iletwe "Jumaatatu", na Ijumaa imekuwa "Ijumaaa" na a tatu, hata "jumla" ilipona kwa sababu tu haina m-a. Bahati nilikuta kabla sijatuma. Sasa nabadilisha moja moja nikiona, au naweka alama ya kutafuta neno zima tu. Na usitegemee ile mistari myekundu ya kompyuta, majina yetu karibu yote inayapigia mstari, yaliyo sahihi na yaliyokosewa sawasawa.

Mwisho kabisa ni lugha, na hii nasoma kwa sauti nikijiweka kwenye kiti cha yule aliyeshindwa hoja. Neno "alidai" kwangu limefutwa, linamfanya mtu aonekane mwongo, naandika "alieleza" au "alisema". "Alilalamika", "kwa bahati mbaya", "kama kawaida", natafuta kwa Ctrl+F natoa. Niliwahi kuandika "mjumbe alikuja juu akidai mweka hazina anaficha taarifa", nikakaa nayo, nikabadilisha: "Mjumbe aliomba taarifa ya mapato na matumizi iwasilishwe pamoja na risiti. Mweka hazina alieleza kwamba risiti zipo na ataziwasilisha kikao kijacho." Ombi limebaki, jibu limebaki, hasira imebaki ukumbini. Ila angalia usilainishe mpaka upingaji ukapotea, kama mtu aliomba pingamizi lake liandikwe, liandike kama alivyolisema.

Baada ya hapo nalala nayo usiku mmoja, asubuhi naisoma kwenye karatasi iliyochapwa, siyo kwenye skrini, halafu inakwenda kwa mwenyekiti peke yake ikiwa na neno RASIMU juu ya kila ukurasa. Akirudisha ndo naituma kwa wajumbe, nikiandika tarehe ya mwisho ya kuleta marekebisho, na yule mjumbe wa kura ya 18 ndo huwa wa kwanza kunijibu, anahesabu kila kitu, na mara hii ya mwisho ameandika "iko sawa katibu".