Saa ishirini na mbili

Mimi hutengeneza programu nikiwa peke yangu, chumba cha nyuma hapa Busia, upande wa Uganda. Wateja wangu wengi ni watu wa kawaida: duka la vifaa vya ujenzi, shule mbili, chama cha akiba na mikopo, na wawili watatu walio ng'ambo ya mpaka wanaonilipa kwa shilingi ya Kenya. Kwa muda mrefu kazi zao zote zilikaa mahali pawili, WhatsApp na kichwani. Nilijua nimechelewa pale tu mtu aliponipigia.

Mwaka jana nilifungua jedwali la Google Sheets lenye safu chache: mteja, kazi, hali, makadirio, saa za kupanga, saa halisi, nasubiri nini, nasubiri tangu lini. Basi. Mwezi wa kwanza halikunisaidia kitu, maana nililijaza kazi zote na bado nikaziahidi zote. Nilichokosa ni kujua wiki yangu ina ukubwa gani hasa.

Nikaamua kuhesabu. Kwa wiki nne, kila nilipoketi kuandika programu ya mteja nilipiga alama kwenye karatasi, alama moja kwa nusu saa. Kupiga simu sikuhesabu, wala kwenda dukani kwa mteja, wala kufuatilia deni, wala kukaa gizani nikingoja umeme urudi huku laptopu imebaki asilimia tisa. Nilikuwa nikijiambia kwamba nafanya saa arobaini kwa wiki. Karatasi ikasema 23, 19, 25 na 21. Wastani ni saa 22. Niliona aibu kidogo, nikarudia hesabu, ikatoka vilevile.

Kisha nikatazama kazi kumi nilizokwisha kumaliza. Makadirio yangu ya mwanzo yalijumlika saa 61, na nilizotumia kweli ni 98. Kwa hiyo kila ninapomwambia mtu saa moja, ujue ni saa moja na dakika thelathini na sita. Sikujaribu kujirekebisha niwe mkadiriaji hodari. Nimeacha jedwali linirekebishe: naandika makadirio kama moyo unavyonituma, na safu inayofuata inayazidisha kwa 1.6. Bei ninayomtajia mteja nayo inatokana na safu hiyo ya pili. Hapo mmoja aliniacha akaenda kwa kijana mwingine, na sikumlaumu.

Kati ya saa 22 naweka kando 4 kwa ajili ya mifumo iliyokwisha kukabidhiwa, kwa sababu lazima kitu kiharibike. Zinabaki 18 za kupanga. Hali ya kazi ni moja kati ya hizi: FOLENI, WIKI HII, INASUBIRI, IMEKWISHA, IMELIPWA. Juu ya jedwali kuna kisanduku kimoja chenye hesabu hii, ambapo C ni hali na E ni saa za kupanga:

```
=SUMIFS(E:E,C:C,"WIKI HII")
```

Ikipita 18, kisanduku kinageuka chekundu kwa mpangilio wa rangi niliokiwekea. Na kuna kanuni ya pili ambayo haina hesabu: kazi zilizofunguliwa kwa wakati mmoja zisizidi mbili. Niligundua kwamba zikiwa tatu, asubuhi yote inapotea nikijikumbusha jana niliishia wapi.

Wiki moja ya Agosti itaonyesha mambo yanavyokwenda. Jumapili jioni, baada ya chakula, niliketi na jedwali. Shule ilitaka stakabadhi za karo zionyeshe salio kabla muhula wa tatu haujafunguliwa. Nilikadiria saa 6, jedwali likasema 9.6. Hajji wa vifaa vya ujenzi alitaka ripoti ya bidhaa zinazokaribia kwisha, saa 4, yaani 6.4. Jumla 16. Katibu wa chama naye alitaka taarifa ya kila mwanachama, saa 3, yaani 4.8. Nilipoibadilisha kuwa WIKI HII, kisanduku kikasoma 20.8 na kuwa chekundu. Nikairudisha FOLENI, nikamwandikia usiku uleule kwamba kazi yake itaanza Jumatatu inayofuata.

Akapiga asubuhi. "Dada, hiyo ni kazi ya dakika mbili tu, na wanachama wanaisubiri."

"Naelewa, mzee. Jumatatu ijayo ni yako, na hakuna atakayekutangulia."

Zamani ningesema sawa, halafu ningewadanganya wote watatu. Nimejifunza kumpa mteja tarehe kabla hajaiuliza. Akiiuliza yeye, tayari amekasirika.

Jumatano mambo yakaharibika. Shule ikapiga: mzazi amelipa mara moja kwa simu, mfumo unaonyesha amelipa mara mbili. Taarifa ya malipo kutoka kwenye mtandao wa simu ilikuwa imetumwa tena, jambo la kawaida pale seva inapochelewa kujibu, na mimi sikuwa nimeizuia isiandikwe upya. Dawa yenyewe ni mstari mmoja, unaozuia rejea, yaani namba ya muamala, isiandikwe mara mbili:

```sql
ALTER TABLE malipo ADD CONSTRAINT rejea_moja UNIQUE (rejea);
```

Lakini hifadhidata huukataa mstari huo ikiwa marudio bado yamo, kwa hiyo ilibidi kwanza nitafute rejea zilizojirudia, nizilinganishe na orodha ya mhasibu, nifute za ziada, nirekebishe masalio. Saa 5. Akiba yangu ya saa 4 ikaisha, ikala na moja kati ya mbili zilizokuwa wazi, na kazi ya Hajji ikasogea siku moja. Nilimtumia ujumbe siku hiyohiyo kwamba ripoti itafika Jumamosi badala ya Ijumaa. Akajibu kwa kidole gumba, na Jumamosi saa sita mchana akaipata. Wiki ikafungwa kwa saa 21 na nusu. Bila ile akiba, Hajji angesogezwa hadi wiki inayofuata, amkute katibu pale, wagongane.

Hali niliyokuja kuithamini kuliko zote ni ile ya INASUBIRI. Hapo mwanzo kazi iliyokwama kwa mteja niliiacha ndani ya WIKI HII, ikala nafasi bila kufanyiwa kitu. Hajji huyohuyo aliwahi kunikalisha wiki tatu nikingoja orodha ya bei. Siku hizi, kazi ikikosa kitu kutoka kwa mteja, inatoka kwenye hesabu papo hapo, na ninaandika nimeomba nini na tarehe gani. Siku ya tano nakumbusha. Zikipita siku kumi na nne, inarudi mwisho wa foleni, na mteja nilimwambia hivyo tangu tulipokubaliana bei na kulipana malipo ya awali.

Ile 22 nayo si ya kudumu. Watoto wakifunga shule inashuka, kwa hiyo kila baada ya miezi mitatu natoa tena karatasi na kupiga alama wiki mbili. Desemba ilitoka 15, nikapunguza za kupanga hadi 11 na kukataa kazi moja iliyokuwa na pesa nzuri. Iliniuma.

Jumatatu ya katibu ilipofika, nilifungua kazi yake saa mbili asubuhi. Nikakuta orodha ya wanachama aliyonitumia ni picha za daftari, kurasa mbili hazisomeki. Nikamwomba azipige upya, nikaandika tarehe, nikaihamisha INASUBIRI. Picha zilifika Alhamisi.