Uyoga au mwavuli?

Jioni hii nilikuwa na mdogo wangu anayejiandaa kwa mtihani wa Kiswahili. Swali lilikuwa kitendawili: "Nyumba yangu ina nguzo moja." Machaguo: yai, kivuli, mwavuli, uyoga.

Kivuli tulikiondoa mara moja. Yai limewekwa kwa mtego, kwani ni jibu la "Nyumba yangu haina mlango", na anayekumbuka "nyumba yangu" tu hulikimbilia. Mwavuli ndio ulioleta ubishi. Akaniuliza, "Kaka, si nao una mpini mmoja chini ya paa?" Hoja nzuri kabisa! Ila kitendawili kina jibu lililopokelewa tangu zamani, nalo ni uyoga. Mantiki huondoa mawili, hapo kinachoamua ni kama umewahi kutegewa na kuitikia "Tega!"