Kuondoa Enter tupu na kuweka mitindo halisi

Leo natafakari aina moja ya hati ya Word: ripoti ya kurasa 120, majina ya sura yamekolezwa kwa mkono kwa ukubwa wa 16, vichwa vidogo kwa 13, na nafasi zote zimetengenezwa kwa kubonyeza Enter. Kwa macho imepangika. Programu, hata hivyo, haioni kichwa hata kimoja humo. Inaona aya za kawaida ambazo herufi zake ni nene, kwa kuwa hakuna iliyopewa mtindo, yaani umbo lenye jina kama Heading 1. Ndiyo maana mtu akiomba orodha ya yaliyomo, Word humjibu kwamba hakuna cha kuorodhesha.

Wengi huanza na vichwa. Mimi naona mistari mitupu ndiyo ianze kuondoka, kwa sababu kila mstari mtupu ni aya kamili, na mara nyingi nao umekolezwa. Ukiuchagua pamoja na vichwa, unakuwa kichwa kisicho na maneno, na siku utakayoweka namba za sura utakula namba yake: baada ya sura ya 2 inakuja ya 4.

Basi hifadhi nakala ya hati, kisha bonyeza Ctrl+Shift+8 ili alama za aya, ¶, zionekane. Pitia kwanza sehemu zenye rundo la ¶. Kumi na mbili zikifuatana, huenda mwandishi alikuwa anasukuma sura iende ukurasa mpya. Kumbuka hilo, utalihitaji kwenye mtindo. Halafu fungua Ctrl+H. Kwa kuwa mistari mingine huonekana mitupu kumbe ina nafasi ndani yake, anza na hii:

```
Find what:    ^w^p
Replace with: ^p
```

Ndipo ifuate hii, ukibofya Replace All tena na tena:

```
Find what:    ^p^p
Replace with: ^p
```

Idadi itapungua kila mara. Ikifika mahali ikaganda, labda kwenye 1 au 2, acha: mara nyingi ni alama iliyo mwisho wa hati au iliyo jirani na jedwali, na Word haikubali kuiondoa.

Kuna mtego mmoja zaidi. Mahali palipobonyezwa Shift+Enter pana mshale uliopinda badala ya ¶, maana yake kichwa na maandishi yaliyo chini yake bado ni aya moja. Ukikipa mtindo, aya nzima inageuka kichwa. Badilisha `^l` kuwa `^p`, lakini moja moja kwa kitufe cha Replace. Kwenye anwani na mashairi mikato hiyo ina kazi yake.

Sasa vichwa. Weka kishale ndani ya jina la sura yoyote, nenda Home, Select, halafu Select Text with Similar Formatting. Sura zote zenye muundo uleule zinachaguliwa kwa pamoja. Bofya Heading 1. Fanya vivyo hivyo kwa vile vya ukubwa wa 13, ukitumia Heading 2. Vitakavyobaki nje ni vile ambavyo mwandishi alikosea akaweka 12 au 14. Fungua Navigation Pane kwenye View: sura inayokosekana pale bado haijapewa mtindo.

Hapa pana jambo linalowashangaza watu. Ukiipa aya mtindo, Word hufuta mkolezo wa mkono iwapo umefunika zaidi ya nusu ya aya, na huuacha ukiwa chini ya hapo. Kwa vichwa ni neema. Kwa aya ya nukuu iliyoandikwa yote kwa italiki ni hasara: italiki inapotea kimyakimya. Nukuu za namna hiyo zipe mtindo wake, Quote, kabla ya kugusa maandishi mengine. Kichwa kinachokataa kufuata wenzake, kichague, bonyeza Ctrl+Space kuondoa umbo la herufi lililowekwa kwa mkono, na Ctrl+Q kuondoa lile la aya.

Kwa muda huu hati itaonekana imebanana kuliko mwanzo, kwani nafasi zote zimefutwa. Bofya Heading 1 kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Modify, Format, Paragraph. Weka Before pointi 24 na After 6. Kwa Heading 2, 14 na 4. Kwenye Line and Page Breaks hakikisha Keep with next imewekwa alama, ili kichwa kisibaki peke yake chini ya ukurasa, na kwa sura weka Page break before, badala ya zile Enter kumi na mbili. Nafasi ya aya za kawaida iweke kwenye Body Text, uzipe mtindo huo. Ukiiweka kwenye Normal, majedwali na vijachini vilivyojengwa juu yake vitatanuka navyo.

Kisanduku cha Automatically update kiache wazi. Kikiwa na alama, ukikoleza kichwa kimoja kwa mkono, vyote vya mtindo huo vinabadilika.