Tulidhani dada kalala

Dada alirudi kwenye harusi Makorora na piko mpaka kwenye kucha na mafua juu, tukasema uchovu tu wa ngoma. Siku ya nne hawezi kumaliza maneno matatu bila kuhema, nikaita bajaji usiku uleule tukaenda hospitali.

Mapokezi sista akambana kile kipimo cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu, kikasoma 71, kikakata, kikarudi 80, mi nishaanza kulia. Sista akazitazama zile kucha nyeusi, akasema piko inazuia mwanga usipite kwahiyo namba hii siiamini, akaleta kingine cha kubana sikioni. Kikatulia kwenye 84. Bado mbaya, wao walitaka angalau ivuke 90.

Wakaanza na mrija wa puani, lita 5 kwa dakika, haikutosha, ndo wakamvalisha maski yenye mfuko, lita 15. Sista akanambia, "Mdogo wangu, we utazame huu mfuko, akivuta pumzi unanywea kidogo tu, ukiona umenywea wote umeshikana, hewa haimtoshi, niite mbio." Basi usiku ule sikutazama kingine. Namba ikafika 92. Tamiflu, dawa ya virusi vya mafua, nayo akaanzishiwa, dokta alisema inasaidia zaidi ikianza ndani ya saa 48 ila aliyezidiwa hivi hupewa hata kama kachelewa.

Kila saa sista anakuja anahesabu pumzi, dakika nzima, jicho moja kwenye saa jingine kifuani. 38. 40. Karibu na alfajiri dada akatulia, kuhema kukapungua, macho kafumba, mama akasema alhamdulillah mwanangu kapata usingizi. Hata mi nilifurahi. Nikaenda kumpa sista habari njema, akaja akahesabu 14, akatazama kipimo kimeshuka 87, akamwita jina, dada akafungua macho kidogo akayafunga. Sista akatoka anakimbia.

Dokta alitueleza wakiwa wanasukuma kitanda. Anayepona pumzi zinapungua huku anachangamka, anaomba hata maji. Huyu misuli ya kuvutia pumzi imechoka, hewa chafu haitoki inajaa kwenye damu, ndo inayomlaza. Maski inamletea oksijeni mpaka puani lakini kuvuta ni lazima avute mwenyewe, na nguvu hana tena.

Chumba cha mahututi wakampa dawa ya usingizi, mpira ukapitishwa kooni, mashine ikampumulia siku 6. Mchana mmoja nilimkuta kalazwa kifudifudi, nikashtuka sana, kumbe ndo inasaidia sehemu za mapafu za mgongoni zifunguke, watu wanne watano kumgeuza na mmoja kazi yake kushika ule mpira tu usichomoke.

Siku ya 7 wakautoa. Sauti imekwaruza, nikainama nisikie, akasema "maji". Sista akakataa kwanza, koo lilikuwa halijawa tayari kumeza, akamlowesha midomo na pamba. Mi nikatoka kumwambia mama kaomba maji.